"Andika yote, wasome wenyewe": dhana potofu kuhusu vijipicha vya klipu za mahubiri

Nahariri klipu za kanisa moja na za msikiti mmoja hapa Dar es Salaam. Jumapili jioni nakata mahubiri, Ijumaa usiku nakata mawaidha. Kazi inayonichosha si kukata. Ni kijipicha, ile kava inayoonekana kabla mtu hajagusa video. Kila kamati ina maoni yake kuhusu kava, na mengi ya maoni hayo nimeshayasikia pande zote mbili kwa maneno yaleyale.

Dhana: kava ikiwa na maelezo mengi, mtu ataelewa na kufungua

Wiki moja mchungaji alifundisha Mathayo 18, Petro anapouliza amsamehe ndugu yake mara ngapi. Nikatoa klipu ya dakika 6. Kava niliyoelekezwa kutengeneza ilikuwa na haya: "Mahubiri ya Jumapili", kichwa cha somo chenye maneno matano, andiko na mistari yake, jina la mchungaji na cheo chake, nembo ya kanisa, na saa za ibada. Kwenye kompyuta ilipendeza, kila kitu kilisomeka.

Tatizo ni kwamba hakuna muumini anayeiona kwenye kompyuta yangu. Kijipicha cha YouTube hutengenezwa kwa pikseli 1280 kwa 720. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu kinajaza upana wa kioo, sawa. Lakini mtu akiingia kwenye ukurasa wa chaneli, au orodha ya video, au historia yake, kijipicha kilekile kinabaki na upana wa sentimita 3 hivi. Piga hesabu: pikseli 1280 zimebanwa ndani ya milimita 30, yaani milimita moja inabeba pikseli kama 43. Herufi niliyoipa urefu wa pikseli 60, ambayo kwangu ilikuwa kubwa tu, kwake ni milimita 1.4. Hiyo ni ndogo kuliko maandishi ya gazeti, na huyu mtu yuko ndani ya daladala.

Kipimo ninachoshika sasa ni herufi kubwa yenye urefu wa pikseli 120, ambayo kwenye kijipicha kidogo inakuwa karibu milimita 2.8. Usiamini namba ya saizi ya fonti iliyoandikwa kwenye programu, maana namba ile haipimi herufi yenyewe. Inahesabu pia nafasi ya juu na ya chini ya mstari, na kwa fonti nyingi herufi kubwa huwa kama asilimia 70 tu ya hiyo namba. Mimi nachora mstatili wenye urefu wa pikseli 120, nauburuta hadi kando ya herufi H, halafu naongeza saizi mpaka vilingane. Kisha naufuta.

Hapo ndipo Kiswahili kinakubana, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Kwa fonti nene iliyobanwa upana, kama Anton au Bebas Neue, kila herufi ya urefu huo inakula takriban pikseli 75. Nusu ya kava, ambayo ndiyo inayobaki baada ya kuweka uso wa mhubiri, inapokea herufi nane au tisa kwa mstari. "USISENGENYE" haiingii, "ULIMI" inaingia na nafasi inabaki. Kwa hiyo badala ya kitenzi natafuta nomino fupi, na badala ya kichwa cha somo natafuta neno ambalo mhubiri mwenyewe alilirudia.

Kwenye ile klipu ya msamaha nilipendekeza "7 × 70". Mchungaji akakataa, akasema somo lenyewe linamkataza mtu kuhesabu, sasa wewe unawawekea hesabu. Alikuwa sahihi. Tukakubaliana SABA MARA juu, SABINI chini, kama Biblia inavyosema. Mstari wa kwanza una nafasi tisa ukihesabu na ile tupu ya katikati, kama pikseli 675, ukagusa kidogo bega la koti lake jeusi, na herufi nyeupe juu ya koti jeusi haidhuriki. Kichwa cha somo, andiko na jina la mchungaji vikaenda kwenye jina la video, ambalo YouTube yenyewe hulionyesha chini ya kijipicha kwa herufi zinazosomeka. Kuandika kitu kilekile mara mbili ni kupoteza kiwanja.

Dhana: nembo ikae kona ya chini kulia

Kona hiyo ina mwenyewe. YouTube hubandika hapo muda wa video, na ukingo wa chini hupitiwa na mstari mwekundu kwa mtu aliyekwisha kuangalia kiasi. Nimeona kava ya mawaidha ambayo namba ya aya iliangukia hapo ikafunikwa, ikabaki jina la sura tu. Nembo, kama ni lazima, iende juu kushoto.

Dhana: ukishapandisha kava nzuri, umemaliza

Hii ndiyo imenigharimu zaidi. Kava unayopandisha inaishi kwenye video ndefu ya YouTube. Klipu ya wima ikiingia Shorts, hupandishi kava uliyoichora: unachagua fremu mojawapo iliyomo ndani ya video, kwenye simu, wakati wa kupandisha. Na mtu anayetelezesha Shorts haioni hata hiyo, kwa kuwa video inaanza kucheza yenyewe. Kinachomkuta ni fremu ya kwanza. Klipu ikitumwa kama faili kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya au la vijana wa msikiti, sura yake pale kwenye mazungumzo ni mwanzo wa video.

Mimi nilikuwa na mazoea ya kuanza kila klipu kwa giza linalofunguka polepole kwa sekunde moja, kisha nembo inazunguka. Video ya fremu 30 kwa sekunde ina maana fremu thelathini za mwanzo ni giza au nusu giza. Kwenye kundi ilionekana kama boksi jeusi lenye alama ya kuchezesha. Mzee mmoja akanipigia kuuliza kama video imeharibika.

Tangu hapo kabla ya kutuma natoa fremu ya kwanza kwa programu ya ffmpeg na kuitazama peke yake:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -frames:v 1 fremu.png
```

Asiye na ffmpeg afungue klipu kwenye simu, asimamishe kabla haijaenda, apige picha ya kioo. Unachotafuta ni macho ya mhubiri yaliyo wazi na mdomo uliotulia. Mtu akikatwa katikati ya silabi huwa na sura ya ajabu, kope nusu na mdomo umepinda, na si heshima kumtangaza mchungaji au ustadhi wako hivyo. Dawa ni kusogeza mwanzo wa kipande nyuma au mbele kwa fremu tano, sita. Wahubiri wengi huvuta pumzi kabla ya sentensi nzito, na fremu nzuri hukaa hapo hapo.

Maneno yale mafupi ya kava nayaweka juu ya fremu hiyohiyo ya kweli, yakae sekunde mbili wakati sauti imeshaanza. Wapo wanaochomeka picha nzima iliyochorwa kwa fremu moja mwanzoni ili waichague kama kava, lakini mtazamaji anaona kitu kimemwaka usoni kikapotea, na inakera. Kwenye video ya wima ya 1080 kwa 1920, acha robo ya chini na ukingo wa kulia bila maandishi, kwa sababu jina la chaneli, maelezo na vitufe hukaa hapo.

Dhana: picha ya kutisha ndiyo inayofunguliwa

Inafunguliwa, sibishi. Moto, jini, dada aliyeanguka kwenye maombezi. Lakini YouTube ina kipengele cha kushindanisha vijipicha, kinachokuruhusu kuweka hadi vijipicha vitatu kwenye video moja ndefu, nayo inavigawa kwa watazamaji. Mshindi hapimwi kwa idadi ya waliogusa, anapimwa kwa muda uliotazamwa. Kava ya moto juu ya somo la upole humleta mtu, akasikia upole, akaondoka kwenye sekunde ya kumi. Kava hiyo inashindwa mtihani wenyewe, kabla hujafika kwenye adabu.

Adabu nayo ipo. Yule dada aliyekuwa analia alikuja kuomba, hakuja kupigwa picha ya kava. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu imani ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Kwangu kanuni ni rahisi: kwenye kava anakaa aliyeshika kipaza sauti. Muumini haingii mpaka aulizwe akiwa ametulia, siku nyingine, na aone kava yenyewe. Watoto siwaweki kabisa.

Dhana: picha ya dini ni picha ya dini

Nilipoanza nilitafuta mtandaoni mikono iliyokunjwa kwa sala, nikapata nzuri sana, nikaiweka kwenye klipu ya kanisa, ambalo ni la Kipentekoste. Sikuangalia vidoleni. Kulikuwa na rozari. Simu zilianza kabla ya saa moja usiku. Vivyo hivyo msalaba wenye sanamu ya Yesu unakaa vizuri kwa Wakatoliki, na wengi wa makanisa mengine hutumia msalaba mtupu. Kuza picha, ikague kona kwa kona kabla ya kuibandika.

Upande wa msikiti makosa huwa kwenye majengo. Kuba la kijani ni la Msikiti wa Mtume, Madina, lakini nimeliona kwenye kava za mawaidha ya hija kana kwamba ni Makka. Klipu za Isra na Miraji nazo hupewa kuba la dhahabu na kuandikwa "Msikiti wa Aqsa", wakati hilo ni Kuba la Mwamba. Limo ndani ya eneo la Aqsa, ndiyo, ila jumba la kuswalia la upande wa kibla lina kuba la kijivu. Sheikh ataona, na wanafunzi wake wataona kabla yake. Sura ya Mtume au ya nabii yeyote haichorwi, hata kivuli chenye mwanga badala ya uso sikiweki.

Aya za Kiarabu ni hatari nyingine. Programu isiyojua mwandiko unaotoka kulia huzitenganisha herufi na kuzipanga kinyume. Asiyesoma Kiarabu haoni kitu, kwake ni mapambo tu. Dalili ni hii: herufi nyingi za Kiarabu huungana, kwa hiyo aya ambayo kila herufi yake imesimama peke yake kama nguzo imeshaharibika. Kwenye mawaidha ya kusengenya kijana mmoja wa kamati alitaka aya nzima, na nyuma yake picha ya nyama mbichi, kwa kuwa aya inamfananisha msengenyaji na anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Nyama tuliikataa wote. Kava ikatoka na uso wa ustadhi, neno ULIMI, na chini yake "Al-Hujurat: 12" upande wa kushoto, mbali na ile kona ya muda.