Kuuliza bei si kumdharau mwenyeji

Juzi nimeletewa tena maneno yale yale, safari hii kwa ujumbe wa simu: "Wamenipokea kama mtoto wao, nimeona aibu kuuliza mambo ya hela. Siku ya kuondoka nitawaachia zawadi nzuri." Nilimpigia papo hapo. Alikuwa usiku wa pili katika nyumba ya watu 7, na hakuna aliyetamka bei, si yeye wala wenyeji. Kazi yangu ni kuunganisha wageni na familia za vijijini zinazowapokea kulala na kula, na hili ndilo jambo linalonichosha kuliko yote. Watu wameshika kwamba ukarimu na bei haviwezi kukaa chumba kimoja. Wananitolea na methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi isome mpaka mwisho. Mwenyeji apone, na hapo ndipo pana kazi.

Nieleze kisa kimoja, kwa sababu kisa hicho ndicho kilichonifundisha kuhesabu.

Mgeni mmoja, mtu mzima, mwenye adabu, alikaa usiku 5. Nyumbani walikuwepo baba, mama, bibi na watoto 4. Mimi nilikuwa mgeni kwenye kazi hii, nikawaachia "wataelewana wenyewe". Hawakuelewana, maana hawakuzungumza. Siku ya kuondoka mgeni akatoa mfuko: tochi ya sola, vitambaa viwili, midoli ya watoto na saa ya ukutani. Wakakumbatiana, wakapiga picha. Wiki mbili baadaye nilipita pale na mama wa nyumba, baada ya kuzunguka sana, akaniambia bado anadaiwa vitu alivyochukua kwa mkopo ili amlishe mgeni.

Tukakaa kwenye mkeka tukahesabu. Kipimo tulichotumia ni ujira wa kibarua wa siku moja shambani, kwa kuwa yeye mwenyewe huenda kibarua na anaujua uzito wake. Nakushauri utumie kipimo hicho popote uendapo, kwa sababu kinakuonyesha gharama kwa macho ya wenyeji.

Kwanza chakula. Wageni wengi hufikiri wao ni tumbo moja lililoongezeka juu ya matumbo 7. Sivyo. Mama hapiki chungu cha mgeni na chungu cha watoto huku watoto wanatazama. Akiamua mgeni ale vizuri, nyumba nzima inakula vizuri. Unacholipia basi si sahani yako tu, ni tofauti kati ya mlo wa kawaida wa nyumba ile na mlo wa siku za mgeni, mara vinywa 8. Kwake tofauti hiyo ilifika karibu kibarua cha siku 1 kwa kila siku ya mgeni. Jumla siku 5.

Pili, muda. Siku 3 hakwenda kibarua, kwa kuwa alikuwa anachota maji ya ziada, anapika mara tatu na kufagia chumba. Siku 3 nyingine hizo. Tatu, kuni, sabuni, mafuta ya taa na shuka mpya aliyoona aibu kutokuwa nayo: tukaweka siku 1. Jumla ni siku 9 za kibarua, na humo hatujaweka hata senti ya chumba wala ya usumbufu. Saa ya ukutani haikulipa hata siku moja kati ya hizo. Ilikuwa nzuri, imetundikwa, na inaonyesha saa sahihi wakati mwenye nyumba anakwepa njia ya kwa anayemdai.

Kwa hiyo 9 kwa usiku 5 ni karibu siku 2 za kibarua kwa usiku mmoja, na hapo mwenyeji amerudisha alichotumia tu. Tangu hapo mimi naanzia 3 kwa usiku. Usiku 5 ni 15. Ukitoa 9, zinabaki 6 ambazo ni malipo halisi ya kulaza mtu nyumbani mwako. Nusu inatolewa siku ya kufika, na hilo silegezi. Nusu ya 15 ni 7 na kitu, na manunuzi ya mama, yaani zile 5 za chakula na 1 ya vitu vidogo, ni 6. Nusu ile inayafunika bila yeye kukopa. Ukilipa yote siku ya mwisho, hata kama ni nyingi, umekaa siku zote hizo kwa mkopo wa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wako.

Sasa namna ya kuuliza. Ukimwuliza mwenye nyumba "nikupe shilingi ngapi?" mbele ya watoto na majirani, umemweka pabaya, naye atakujibu "chochote utakachojaliwa". Jibu hilo wageni wanalisoma kama ruhusa ya kutolipa. Mimi nimelisikia mara nyingi na ninavyolielewa ni hivi: usinilazimishe kujipangia thamani mbele ya watu. Mpe mtu wa kati aulize kabla hujafika, na aulize kwa vipande: kwa usiku mmoja, kwa mtu mmoja, milo mingapi, maji ya kuoga yamo au hayamo, kufuliwa kumo au hakumo. Kama hakuna mtu wa kati, wewe ndiye utaje kiasi. "Mama, nimefikiria kiasi hiki kwa usiku, pamoja na milo miwili. Je, kitatosha kwa mahitaji ya jikoni?" Swali linahusu jikoni, halihusu thamani yake yeye, na watu hulijibu kwa ukweli. Akinyamaza kidogo kabla ya kusema ndiyo, ongeza.

Hela apewe nani? Hapa sijatulia mpaka leo. Zamani nilimpa mama kwa siri, kwa kuwa kazi ni yake, na nyumba moja ilivurugika wiki nzima mume alipojua. Kisha nikampa baba mbele ya wote, na jikoni hazikufika. Siku hizi natoa wote wawili wakiwepo, na nasema kwa sauti: hizi ni za chakula na kazi ya jikoni, hizi ni za chumba. Bahasha mbili. Inasaidia mara nyingi, si mara zote. Sina njia ya kuingia ndani ya ndoa ya watu, na sidhani kama ninayo haki hiyo.

Kuhusu milo, usichokula kiseme kabla mama hajanunua, sio sahani ikiwa imeshawekwa mbele yako. Omba upikiwe wanachokula siku zote, lakini usishindane akikataa. Kupika vizuri kwa mgeni ni heshima yake pia, na ndiyo maana nimesema uilipie. Angalia jambo moja: je, kuna anayekula kabla hujamaliza? Kama wote wanakungoja, na sahani zinarudi jikoni watoto wakizifuata, basi unachobakiza kina mwenyewe. Kula ushibe, usisafishe bakuli la pamoja kwa kudhani ndiyo shukrani.

Zawadi zitolewe siku ya kuondoka, baada ya malipo kukamilika, ziwe za nyumba nzima na zipitie kwa mkubwa wa nyumba. Mtoto mmoja asipewe kitu mkononi mbele ya wenzake, na asipewe hela kabisa. Zaidi ya hapo zawadi si jambo gumu.

Gumu ni faragha, na huko pia kuna wazo moja linalonikera. Wageni huniuliza, "Nitakuwa na chumba changu?" Chumba utakuwa nacho, lakini si chako. Kijijini ni nadra nyumba kuwa na chumba kinachokaa bure kikisubiri mgeni. Kuna mtu ametolewa. Kwenye kisa changu alikuwa binti mkubwa, miaka 14, aliyehamia kwenye mkeka wa bibi yake. Nguo zake za shule zilibaki kwenye sanduku chini ya kitanda cha mgeni. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu alisimama mlangoni akiogopa kugonga, maana mgeni alijifungia kwa komeo. Siku mbili alichelewa shule. Mgeni hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu mgeni haamshwi.

Kwa hiyo siku ya kwanza uliza: hapa analala nani, na vitu vyake anavihitaji saa ngapi? Mwombe avitoe jioni kabla hujalala. Na chumba kile ukipatie saa zake. Mchana kiache wazi, vitu vyako vya thamani viwe kwenye begi lililofungwa. Mlango uliofungwa kutwa nzima katika nyumba ambayo milango haifungwi unawafanya watu wanong'one ndani ya nyumba yao.

Nao wanastahili faragha vilevile. Jikoni usiingie na simu mkononi ukirekodi. Bibi anayesinzia kivulini si picha. Omba ruhusa ukiwa peke yako na anayehusika, maana mbele ya kundi hakuna anayeweza kukataa.

Ratiba ya nyumba utaijua ukiuliza maswali mawili: maji ya kuoga yanachotwa saa ngapi, na mlango mkubwa unafungwa na nani. La pili wageni hawalifikirii. Mtu anakaa nje na vijana mpaka saa tano usiku, anadhani hasumbui yeyote. Lakini kuna mtu hawezi kulala mpaka afunge, na mtu huyo huamka saa kumi alfajiri kuwasha moto. Ukiona taa ya jikoni haijazimwa na hakuna kinachopikwa, jua unangojwa. Ingia ulale.

Yule wa ujumbe wa simu tulimaliza naye. Alikuwa anaogopa kuharibu mapokezi, na hofu yake naielewa, kwa sababu mapokezi yalikuwa ya kweli. Nilimpigia mtu wetu wa kati, akaenda asubuhi ile kuzungumza na wazazi, wakataja kiasi chao. Kilikuwa chini ya 3 zangu, nikamwambia mgeni alipe 3. Jioni akaniandikia kwamba mama alichukua bahasha ya jikoni, akaifunga kwenye ncha ya khanga, akamwuliza kwa mara ya kwanza kama kesho angependa kwenda naye kuchota maji.