Kitenzi kinachobeba kosa

"Nilimwonea mwenzangu kazini na nataka kumwandikia barua ya kumwomba radhi. Kwa nini nisimweleze yaliyonifikisha hapo?"

Kwa sababu anayeisoma anataka kuona kama unajua ulichomtenda, na kila sababu unayoitaja inampeleka kwenye taabu zako kabla hujamaliza kuzitaja zake. Mimi niliamini kinyume. Katika ofisi moja ya mizigo hapa Tanga nilimwandikia mwenzangu, ambaye kwa miezi minne nilikuwa nikimwita "Konokono" mbele ya madereva: "Samahani kama uliumia, nilikuwa na msongo wa kazi." Nilidhani maelezo yangu ni ukweli wote, kumbe kosa lenyewe sikuwa nimeliandika. Aliikunja barua, akanirudishia.

Kitenzi cha Kiswahili kinafanana na hati ya mzigo bandarini, yenye mtumaji, tarehe, mpokeaji na bidhaa. "Nilikuumiza" kina vyote: *ni-* ni mimi niliyetenda, *-li-* ni wakati uliopita, *-ku-* ni wewe uliyetendwa, na *-umiza* ndiyo bidhaa yenyewe. Ukiandika "uliumia", jina la mtumaji limefutika, na anayebaki kwenye hati ni yeye peke yake, kana kwamba maumivu yalijileta. Ukitanguliza "kama", unatilia shaka hata kuwapo kwa mzigo, ilhali aliyeubeba anaujua uzito wake. "Lakini nawe ulikuwa mzito wa kazi" huandika jina lake mahali pa mtumaji.

Mwaka 2016 mtafiti Roy Lewicki na wenzake nchini Marekani waliwaomba watu 755 wapime namna mbalimbali za kuomba radhi. Kukiri kuwajibika kulionekana kuwa na uzito kuliko mengine yote, kukafuatiwa na ahadi ya kurekebisha, na ombi la kusamehewa likawa la mwisho. Hata hivyo, waliulizwa kuhusu kosa la kihasibu la kubuni, si uonevu, na hawakuwa wao waliokosewa. Tena huku pwani barua isiyo na neno "radhi" ingesomeka kama ukosefu wa adabu. Kwa hiyo mimi nalibakiza ombi hilo ndani ya barua, mara moja tu, bila kudai jibu.

Barua yangu ya pili ilikuwa hivi:

"Dada yangu, kwa miezi minne nilikuita Konokono mbele ya madereva, nao wakakuita hivyo. Nilikudhalilisha. Niliona umeanza kula chakula cha mchana peke yako stoo, nami nikaendelea. Ijumaa, kwenye kikao cha asubuhi, nitawaambia madereva kwamba jina hilo nililianzisha mimi na kwamba nilikukosea. Kama hupendi litajwe mbele ya watu, niambie au mwambie msimamizi, nami nitazungumza nao mmoja mmoja. Nakuomba radhi. Huna deni la kunijibu."

Alimtuma msimamizi aniambie nizungumze nao mmoja mmoja. Barua yenyewe hakuijibu.