34x − 89 na ile 2.618: mizizi miwili kukaribiana sio kufanana

Kuna jamaa tunafanya naye kazi, anaandika programu ya kuchora mikunjo, juzi usiku kanitumia meseji akilalamika kwamba hesabu "imekataa". Alikuwa na polinomia mbili, ya kwanza x² − 3x + 1 na ya pili 34x − 89, na programu yake ilitakiwa ijue kama zina mzizi mmoja wa pamoja. Akafanya kile ambacho karibu kila mtu anakifanya mara ya kwanza: akatafuta mizizi ya kila moja, akailinganisha kwa desimali tatu. Ya kwanza ikatoa 0.382 na 2.618, ya pili ikatoa 2.618. Basi, wamekutana, kazi imeisha. Afu akagawanya ya kwanza kwa ya pili akitegemea salio liwe sifuri, likabaki −1/1156.

Hilo salio dogo ndo lililomnyima usingizi, na alikuwa sahihi kukosa usingizi, kwa sababu mizizi ile sio mmoja. 89/34 ni 2.617647 na kuendelea, wakati mzizi wa ile ya kwanza ni 2.618034 na kuendelea. Ukiikadiria kwa desimali tatu inavaa sare, ukiongeza desimali inaachana. Sasa we utasema aongeze desimali tu ziwe kumi, lakini naweza kukutafutia namba nyingine kama 89 na 34, kubwa zaidi, zinazokudanganya hata kwenye desimali kumi. Mchezo huo wa kuongeza desimali hauna mwisho.

Dawa yake ni kutotafuta mizizi kabisa. Inaonekana ajabu, utajuaje watu wawili wana rafiki mmoja bila kumjua huyo rafiki, lakini inawezekana, na namba inayokuambia inaitwa rezaltanti. Unaipata kwa vizigeu tu, yani zile namba zilizokaa mbele ya x, kwa kuzidisha na kujumlisha, hakuna kipeuo cha pili wala desimali inayoingia popote.

Njia ninayoipenda ni ya Sylvester, Mwingereza mmoja aliyeitoa mwaka 1840. Wazo lake ni hili: tuseme upo mzizi r wa pamoja. Basi r² − 3r + 1 = 0, na 34r − 89 = 0. Ukiizidisha hii ya pili kwa r unapata 34r² − 89r = 0, nayo ni kweli vilevile. Sasa jifanye umesahau kwamba r² inatokana na r, zichukulie r², r na 1 kama vitu vitatu tofauti, una milinganyo mitatu ya kawaida kabisa ya mstari. Zipange vizigeu kwenye matriksi:

```
 1   -3    1
34  -89    0
 0   34  -89
```

Matriksi hii inaigeuza (r², r, 1) kuwa sifuri tupu, na ile 1 ya mwisho inahakikisha kwamba tulichoingiza sio sifuri. Matriksi inayofanya hivyo lazima determinanti yake iwe sifuri. Kwa hiyo ukipiga determinanti ukapata kitu kingine, mzizi wa pamoja haupo, mjadala umefungwa. Tupige: 1 × (−89 × −89) ni 7921, afu tunaongeza 3 × (34 × −89) ambayo ni −9078, afu 34 × 34 ambayo ni 1156. Jumla: 7921 − 9078 + 1156 = −1, na hiyo determinanti ndo rezaltanti yenyewe.

Sio sifuri. Polinomia za jamaa hazina mzizi wa pamoja, na tumejua kwa hesabu ya kwenye karatasi, bila kalkuleta.

Kinyume chake nacho ni kweli, determinanti ikiwa sifuri basi mzizi wa pamoja upo (kuna mtego mmoja, nitaufikia). Sababu yake ni nzuri, tuziite polinomia zetu mbili f na g. Determinanti ikiwa sifuri, mistari ya matriksi inategemeana, yani kuna polinomia u na v, sio sifuri zote mbili, ambazo u × f = v × g, na kwa jinsi matriksi ilivyopangwa v ina digrii ndogo kuliko f. Sasa mizizi ya f yote lazima ionekane upande wa v × g. Lakini v ni ndogo, haina nafasi ya kuibeba yote, ni kama daladala yenye viti pungufu, angalau mzizi mmoja unabaki nje na itabidi upande g. Huyo ndo mzizi wa pamoja. Angalia tu kwamba anaweza kuwa namba changamano, rezaltanti haibagui, kwa hiyo sifuri haikuhakikishii kwamba mikunjo yako inakutana kwenye mchoro.

Turudi kwenye ile −1, maana ndipo jamaa aliponiuliza swali la maana: "si −1 ni karibu na sifuri?" Hapana bana. Vizigeu vyote vikiwa namba kamili, rezaltanti nayo ni namba kamili, na kati ya 0 na 1 hakuna namba kamili nyingine iliyojificha. Ni sifuri au sio, basi. Afu ukubwa wake hausemi moja kwa moja mizizi imekaribiana kiasi gani. Rezaltanti ni zao la tofauti zote kati ya mizizi ya f na mizizi ya g, lililozidishwa na vizigeu vya mbele, yani vile vya x yenye kipeo kikubwa zaidi, vilivyopandishwa vipeo. Kwetu hapa tofauti moja ni 0.000387, nyingine ni −2.2357 hivi, ukizizidisha unapata −0.000865, ambayo ndo ile −1/1156 iliyobaki kwenye salio lake. Zidisha kwa 34² unarudi kwenye −1. Yani kizigeu cha 34 kinaivuta tofauti isiyoonekana mpaka inakuwa namba nzima ya kushikika. Watu wanaopiga rezaltanti kwa desimali afu wanaandika "ikiwa chini ya 0.001 hesabu ni sifuri" wanajirudisha kule kule walikotoka.

Diskriminanti nayo ni mtoto wa humu humu. Ile b² − 4ac ya sekondari tuliikariri bila kuambiwa ilikotoka, mi mwenyewe nilijua ni kipande tu cha fomula kilichokatwa kikapewa jina. Kumbe swali lake ni hili: je, polinomia ina mzizi unaojirudia? Na mzizi unaojirudia ni mzizi ambao f na nyambuliko lake f′ wote wanao, kwa sababu pale mkunjo unagusa mstari na mteremko wake ni sifuri. Kwa hiyo unapiga rezaltanti ya f na f′. Jaribu ax² + bx + c na 2ax + b, matriksi ni ya 3 kwa 3 kama ya juu:

```
 a   b   c
2a   b   0
 0  2a   b
```

Inatoka ab² − 2ab² + 4a²c, yani −a(b² − 4ac). Ukitoa −a pale mbele, rafiki yako wa zamani huyo hapo. Jina diskriminanti ni la Sylvester huyo huyo, 1851, mwaka mmoja baada ya kubuni neno matriksi. Kwa x³ + px + q njia ileile inatoa −4p³ − 27q², na hiyo haina haja ya kukariri fomula ndefu ya mizizi. Mfano x³ − 3x + 2: p ni −3, q ni 2, unapata 108 − 108 = 0, upo mzizi unaojirudia. Rezaltanti haikwambii ni upi, kwa hilo unatafuta KKS kwa kugawanya kama Euclid. Nyambuliko ni 3x² − 3, iondoe 3 ubaki na x² − 1. Gawanya x³ − 3x + 2 kwa hiyo, salio ni −2x + 2, yani −2(x − 1), na x − 1 inaigawanya x² − 1 bila salio. Mzizi unaojirudia ni 1.

Na hapa ndipo desimali zinapoumbuka vibaya zaidi. Ukiiachia kompyuta itafute mizizi ya ile x³ kwa desimali, usishangae ikikupa kitu kama 1.00000001 na 0.99999999 kana kwamba ni miwili tofauti. Kosa la 10⁻¹⁶ kwenye kizigeu, ukiwa karibu na mzizi unaojirudia, unalitatua kama (x − 1)² = 10⁻¹⁶, na x inasogea kwa 10⁻⁸. Nusu ya dijiti zako zimeondoka na upepo.

Mwisho ule mtego nilioahidi, maana huu umenila mimi mwenyewe siku nzima. Nilikuwa na herufi t ndani ya vizigeu: tx² + x − 1 na tx² + x − 2. Ukitoa moja kwa nyingine unabaki na 1, kwa hiyo haziwezi kuwa sifuri kwa pamoja kamwe, t iwe nini. Lakini rezaltanti ni t², na nikaandika kwamba kwenye t = 0 zina mzizi wa pamoja. Weka t = 0 uone: x − 1 na x − 2, ndugu gani hao? Kilichotokea ni kwamba t ikikaribia sifuri, kila moja ina mzizi unaokimbia kuelekea −1/t, yani infiniti, na matriksi ya 4 kwa 4 inayoamini digrii bado ni 2 inaihesabu mizizi hiyo miwili iliyotoroka kama imekutana huko. Inatokea pale tu vizigeu vya mbele vyote viwili vinapokufa pamoja, kimoja kikibaki hai upo salama.

Nilimtumia jamaa hii ajaribu mwenyewe, inataka `sympy`:

```python
from sympy import symbols, resultant, discriminant
x, t = symbols('x t')
resultant(x**2 - 3*x + 1, 34*x - 89, x)              # -1
discriminant(x**3 - 3*x + 2, x)                      # 0
resultant(t*x**2 + x - 1, t*x**2 + x - 2, x)         # t**2
```

Akaniuliza vizigeu vyake vingine vya 0.1 na 0.25 afanyeje, nikamwambia azidishe kwa 20 viwe 2 na 5 kabla havijaingia humo. Vile alivyovipata kwa kupima na rula kwenye picha nikamwambia aviache, hapo swali la "ni mmoja au sio" halina jibu, anachoweza kuuliza ni umbali tu.