Dhiki ya Kisukari na Sonona ni Vitu Viwili

Nimelisikia tena wiki hii, kliniki ya sukari hapa Mombasa: "Huyu mama ana dipresheni, mwandikieni dawa." Mama mwenyewe, mtu wa Likoni, alikuwa amekaa pale pale akisikia.

Dhiki ya kisukari ni mzigo wa moyoni unaoletwa na kisukari chenyewe: kujidunga, kuhesabu tonge, kuogopa kukatwa mguu, kusimangwa nyumbani kila ukigusa hamri. Sonona, ndiyo hiyo dipresheni, ni ugonjwa wa akili unaofunika maisha yote, sukari ikiwa juu au ikiwa sawa.

Maneno yenyewe yanatufunza. Dhiki asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni ufinyu. Aliye dhikini amebanwa, ukimpanulia nafasi anapumua. Kusonona ni kuumia ndani kwa ndani, na anayesonona hata umpe uwanja mzima, maumivu yamo naye. Sisi tumeyaacha yote mawili tukashika "msongo wa mawazo", tukalibandika kwa kila anayelia mbele ya daktari.

Yule mama alijaza PHQ-9, dodoso la kupima sonona, linalouliza hali ya wiki mbili zilizopita, akapata 11. Kuanzia 10 tunashuku sonona, ndiyo maana mwenzangu akakimbilia dawa. Lakini zitazame alama zilikotoka: usingizi 3, uchovu 3, kula kupita kiasi 2, kutotulia kimawazo 2, huzuni 1. Kukosa raha ya mambo, sufuri. Swali la tisa, la kutamani kufa, sufuri. Sukari yake asubuhi ile ilikuwa 19, na usiku huamka mara nne kwenda kukojoa. Atalalaje? Sukari ya juu pekee yaweza kuleta uchovu, njaa na usingizi wa vipande. Sonona haithibitiki bila huzuni au kukosa raha kwa zaidi ya nusu ya siku hizo, na yeye hakufikia.

Nikamuuliza maswali mawili ya DDS, dodoso la kupima dhiki ya kisukari, kila moja likipewa alama 1 hadi 6: kama analemewa na kuishi na kisukari, na kama anajiona anashindwa kufuata masharti. Akatoa 5 na 6. Wastani wa 3 kwenda juu watosha kuendelea na maswali yote 17.

"Mwanangu, raha ya wajukuu ninayo," akaniambia. "Hii sindano ya usiku ndiyo yanitesa. Nikijidunga naogopa nisiamke."

Basi alikuwa akiiruka. Tiba yake ilianzia hapo hapo kliniki: dozi ipitiwe upya, afundishwe dalili za sukari kushuka, bintiye aitwe asikie, apimwe tena baada ya wiki nne. Swali la tisa lingekuwa na alama yoyote, angeonwa siku ile ile na mtu wa afya ya akili. Na wapo wenye yote mawili, hao hutibiwa kotekote bila kutolewa kliniki ya sukari.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kwenye faili lake futa "dipresheni". Andika "dhiki ya kisukari, anaogopa sindano ya usiku", ili atakayemwona mwezi ujao ajue aanzie wapi.