Beberu anayejikaza si lazima awe amefunga choo

Majuma machache kabla ya Idd el-Hajj, mfugaji mmoja aliniita nimtazame beberu wake aliyehasiwa akiwa na mwezi mmoja. Alidhani amefunga choo, hivyo alikuwa amemnywesha mafuta ya kupikia. Beberu alisimama amejinyoosha, akitikisa mkia, akisaga meno na kujikaza kwa kilio. Chini yake palikuwa pakavu, na kwenye nywele za govi niligusa chembe ngumu kama mchanga. Hizo chembe ndizo zilizoniambia kwamba kilichoziba ni njia ya mkojo.

Nilipomkalisha kitako na kuutoa uume nje, niliona kijiwe kimekwama katika kile kiuzi chembamba kilicho kwenye ncha. Nilikikata kiuzi hicho, na mkojo ukatoka. Si kila mara hali huwa hivyo, kwa sababu vijiwe vingine hukwama juu zaidi, penye kona ya uume, na hapo huhitajika upasuaji. Usimpe mnyama wa namna hii dawa ya kuongeza mkojo kabla njia haijafunguka, kwani kibofu kinaweza kupasuka. Kikipasuka, mnyama huonekana kama amepata nafuu kwa muda, kisha tumbo hujaa maji.

Chanzo kilikuwa kwenye hori. Kwa miezi miwili alikuwa akila pumba za ngano na mahindi, na nyasi kidogo tu. Kilo moja ya pumba za ngano ina takribani gramu 10 za fosforasi, lakini kalsiamu yake ni kama gramu 1 tu, ilhali mnyama huyu anahitaji kalsiamu mara mbili ya fosforasi. Kwa kawaida fosforasi ya ziada hurudi tumboni kupitia mate na kutoka na kinyesi. Lakini anayekula nafaka hucheua kidogo, mate hupungua, na fosforasi hupitia kwenye mkojo, ambako huungana na magnesi na amonia kuwa vijiwe. Jike naye hupata chembe hizo, ila njia yake ni fupi na pana, hivyo hutoka.

Kwa hiyo kwanza nilimpunguzia pumba, nikaagiza majani yawe ndiyo chakula kikuu, na nikamwambia aongeze chokaa ya mifugo kwenye mchanganyiko. Unga wa mifupa haufai hapa, kwa kuwa unaleta fosforasi pamoja na kalsiamu. Wapo wanaotumia kloridi ya amonia, gramu 5 hadi 10 kwa kilo ya chakula, ili mkojo uwe na asidi. Daktari ndiye apime kiasi. Chumvi na maji safi yasikosekane, maana mkojo mwingi husukuma chembe kabla hazijashikana. Na ambaye atahasi, asubiri hadi miezi minne au mitano, kwani akihasiwa mapema njia ya mkojo hubaki nyembamba.