Ghala lisilopoteza hata kilo moja

*“Chama chetu cha ushirika, AMCOS, kilipokea korosho kilo 40,000 kwa wakulima, ghala kuu likapima pungufu. Huo si wizi?”*

Si lazima. Pungufu ya kilo mia nane na kitu inaweza kuwa maji matupu. Mkaguzi mzoefu hushtuka zaidi pale ghala kuu linapopima kilo 40,000 zilezile.

Korosho ghafi ni kama kanga iliyotoka kufuliwa: ukiianika inakuwa nyepesi, lakini nyuzi zake zote zipo. Kinachoondoka ni maji. Kwa hiyo mkaguzi anafuatilia sehemu kavu, ile isiyoweza kukauka tena. Tuseme korosho zilipokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 11. Sehemu kavu ni asilimia 89, yaani kilo 35,600. Zikifika ghala kuu zikiwa na unyevu wa asilimia 9, kilo hizo 35,600 sasa ni asilimia 91 ya mzigo. Gawanya 35,600 kwa 0.91, unapata kama kilo 39,121. Kilo 879 zimepotea kihalali, na jina lake ni unyaufu. Ghala likipima kilo 38,300, hapo ndipo pa kuuliza maswali, na swali linahusu kilo 821, si 1,700.

Sasa chukua ghala lililopima 40,000 kamili. Wengi kwenye mkutano mkuu wangempongeza mtunza ghala. Lakini asilimia 91 ya 40,000 ni 36,400, maana yake sehemu kavu imeongezeka kwa kilo 800 njiani. Korosho haioti ndani ya gunia. Mzigo ulioletwa ulikuwa mkubwa kuliko ulioandikwa: kwa unyevu ule wa mapokezi, ni kama kilo 899 ambazo wakulima walizileta na hawakulipwa.

Zilipotelea wapi? Kwenye mizani. Mkulima huleta korosho kwenye mfuko wa salfeti, ambao hauzidi gramu mia na kitu. Karani anakata kilo nzima kwa ajili ya mfuko, kana kwamba ni gunia la katani. Mkaguzi hahitaji ushahidi wa mtu hapa: anaweka mfuko mtupu juu ya mizani, anasoma, halafu anafungua daftari la mapokezi. Kama mfuko una gramu 150 na kuna mapimo 800, kilo 680 zimeondoka kwa njia hiyo peke yake.

Njia ya pili inaonekana kwa macho ukipitisha kidole kwenye safu ya uzito. Mizani ya kidijiti inasoma 52.7, 48.3, 61.9. Daftari linasema 52, 48, 61, ukurasa hadi ukurasa. Desimali zikikatwa hivyo, kila pimo linapoteza wastani wa karibu nusu kilo, na mapimo 800 yanatoa kama kilo 360.

Jumla ni 1,040, wakati tulizokuwa tunazitafuta ni 899. Kilo 141 zilizobaki zinaweza kuwa zimetolewa kwenye ghala la chama bila kitabu chochote kuonyesha upungufu, kwa kuwa kilichopunjwa kwa mkulima kimefunika kilichochukuliwa baadaye. Lakini hapa mkaguzi mwaminifu hasukumi zaidi. Kipima unyevu kikikosea nusu asilimia tu, hesabu ya mzigo huu inayumba kwa zaidi ya kilo 200, na sampuli ikichotwa juu ya gunia pekee kosa linaweza kuwa kubwa zaidi. Hizo 141 ni za kuandikwa kama swali. Ile 680 ni ya kuandikwa kama hoja.

Tukiwa wa haki, karani si lazima awe mwizi. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mnunuzi mnadani analipia kilo za ghala kuu. Unyaufu usipotengewa fungu, chama kinabaki na deni kwa wakulima, kwa hiyo karani anajikinga kwenye mizani. Dawa ni makato ya unyaufu yaliyopitishwa mkutanoni na kuandikwa wazi kwenye malipo, ili mkulima aone anachokatwa.

Hali inabadilika kilo zilizokatwa zikizidi unyaufu, kwa sababu ziada haiwezi kulipwa bila jina. Ndiyo maana mkaguzi, awe wa COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, au wa ndani, hulinganisha orodha ya malipo ya benki na nakala za stakabadhi zilizo mikononi mwa wakulima wenyewe. Anatafuta jina lililolipwa kwa kilo nyingi wakati mwenye jina hana nakala, au stakabadhi ambayo namba yake iko mbele ya zenzake lakini tarehe yake iko nyuma. Akiikuta, anaenda kumuuliza mwenye jina shamba lake liko wapi.