Kazi Isiyokamilika Mwishoni mwa Sprinti

“Kazi ambayo tumekwisha kuianza si inahamia tu sprinti inayofuata?”

Hapana. Mwongozo wa 2020 wa Skramu, utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, unaelekeza kwamba kazi isiyotimiza vigezo vya ukamilifu hurudi kwenye orodha kuu ya bidhaa, na huko hupimwa upya pamoja na nyingine zote. Kuiendeleza ni uamuzi wa kikao cha kupanga, unaoongozwa na lengo jipya, wala si na jasho lililokwisha kumwagika.

Tuseme timu ya Nairobi inayojenga mfumo wa kulipia kodi ya nyumba imebakiza kazi mbili: kupokea uthibitisho wa malipo ya M-Pesa, iliyosalia majaribio tu, na ripoti ya mwezi ya mwenye nyumba, iliyofika nusu. Ikiwa lengo linalofuata ni mpangaji kupata risiti mara tu anapolipa, kazi ya kwanza inaingia, kwa kuwa risiti haiwezi kutolewa bila uthibitisho. Ripoti inasubiri orodhani, na msimbo wake, kwa maoni yangu, usiunganishwe na tawi kuu.

Sprinti iliyoisha haipewi pointi yoyote kwa kazi hizo, hata sehemu, kwani kasi ya timu, yaani pointi za ukubwa wa kazi inazokamilisha kila sprinti, ingeonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa kupanga, hukadiriwa kilichobaki pekee.